Anti yangu hana deni la samahani

Wasee wangu wa Kisumu na wote wa kando ya ziwa, hii kapsheni mmeiona, maana kila muhula wa tatu ukiisha inarudi na uso mwingine: "Leo mtoto wangu amemaliza PP2. Mama hakuwepo. Nimemwangalia kwa simu nikiwa jikoni ya watu. Nisamehe nyathina, ni kutafuta." Juu yake kuna klipu. Mtoto amevaa gauni ya grajuesheni iliyomzidi urefu, kofia imeinamia sikio, na kwa kona ya skrini kuna kisanduku chenye uso wa mwanamke amejifunga kitambaa, anapangusa macho harakaharaka kama mtu anayesikiliza mlango.

Safari hii ule uso ni wa anti yangu, dadake mdogo wa mamangu. Yuko Riyadh. Aliiweka kwa steitasi ya WhatsApp watu wa nyumbani waone, basi. Mtu akaitoa huko, akaiwekea piano ya kulia, akaipeleka TikTok, na kufikia Jumatatu ilikuwa imerudi kwa grupu yetu ya mtaa kama habari ya watu wengine.

Nilikaa chini nikasoma komenti, karibu zote. Kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema, "Pesa haitakurudishia hiyo siku, si ungebaki ulee mtoto wako?" Ya pili inasema, "Pole sana mama, Mungu anaona machozi yako." Hizi kambi zinatukanana kutwa nzima, lakini kuna kitu zimekubaliana bila kujua. Zote zimeamini kwamba Anti ndiye aliyekosa. Wa kwanza wanamhukumu, wa pili wanamsamehe, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo "nisamehe" inafanya nini hapo.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza vidio na kuandika maoni. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa, kwa hivyo msinitarajie niandike kama profesa. Lakini biashara ya kapsheni naijua. Najua mtoto akiongezwa machozi na piano watu wanashea. Na najua kwamba kitu kikishakuwa kizuri cha kulilia, watu wanaacha kukiuliza maswali. Leo nataka tuulize.

Tuanze na mkataba. Anti alitoka hapa Januari 2024, mtoto akiwa anaanza PP1. Mkataba wa kazi ya nyumbani Saudi Arabia huwa wa miaka miwili. Kanuni zao za wafanyakazi wa nyumbani zinasema likizo ya mwezi mmoja yenye malipo unaipata baada ya hiyo miaka miwili, na tiketi ya kwenda na kurudi vilevile. Sasa weka hiyo kando ya sheria yetu. Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 28, inampa kila mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo kila baada ya miezi 12, na hiyo ni pamoja na dada anayefua nguo Milimani. (Kama madamu wake anazifuata ni stori ya siku nyingine.) Maana yake ni kwamba PP1 yote na PP2 yote ya yule mtoto ziliingia ndani ya karatasi moja. Siku Anti alipoweka sahihi, grajuesheni ilikuwa tayari imeshapangiwa kwamba mama hatakuwepo. Ilibaki miezi mitatu tu mkataba uishe, lakini miezi mitatu kwa hiyo karatasi ni sawa na mwaka mzima.

Mtu ataniambia, "Angeomba ruhusa, ajilipie ndege, aje siku tatu." Wewe unafikiri Riyadh ni Nakuru. Kutoka Saudi Arabia, mfanyakazi wa nyumbani anahitaji viza ya kutoka na kurudi, na hiyo viza mwenye kuiomba ni mwajiri, kwa apu ya serikali yao inayoitwa Absher. Machi 2021 Saudi Arabia walilegeza mambo, wafanyakazi wengi wa kampuni wakaruhusiwa kutoka na kubadilisha kazi bila kumngoja mwajiri. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya hayo mabadiliko. Kwa hivyo hata Anti angekuwa na nauli mkononi, safari yake ingesubiri kidole cha mtu mwingine kibonyeze simu. Na akikata mkataba katikati bila sababu inayokubalika, nauli ya kurudi ni yake mwenyewe, na kazi imeisha. Hebu niambie, hapo "alichagua kazi badala ya mtoto" inaingia wapi?

Sasa nije kwa hiyo vidio koli yenyewe, kwa sababu watu wanaisema kama dawa. "Angalau alimwona." Mimi ndiye niliyeshika simu, kwa hivyo niwaambie alichoona.

Kwanza, saa. Wengi mnafikiri tatizo ni tofauti ya saa, kwamba huku ni mchana na huko ni usiku. Riyadh na Kisumu ni saa moja kabisa. Ikiwa saa nne asubuhi Nyalenda, ni saa nne Riyadh. Dubai na Muscat ndizo ziko mbele kwa saa moja. Ile saa ambayo mtoto yuko macho ndiyo saa ambayo mama yuko macho pia, isipokuwa hiyo saa imenunuliwa.

Pili, siku. Shule zetu zinapenda kuweka sherehe Ijumaa ama Jumamosi ili wazazi wapate nafasi. Saudi Arabia wikendi ni hizohizo, Ijumaa na Jumamosi, tangu 2013. Ijumaa ndiyo siku familia ya mwajiri iko nyumbani yote, wageni wanakuja, na chakula cha baada ya swala ya mchana ndicho kikubwa cha wiki. Siku yetu ya kupumzika na kusherehekea ndiyo siku yake nzito kuliko zote. Na hapo kuna kanuni mpya, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayosema mfanyakazi wa nyumbani asizidishe saa 10 kwa siku na apate saa 24 za kupumzika mfululizo kila wiki. Kwa karatasi ni tamu sana. Kwa nyumba anayofanya Anti, ile siku ya kupumzika iligeuzwa kuwa hela kidogo juu ya mshahara, na Ijumaa haikuwahi hata kutajwa.

Basi, tulipanga. Ratiba ya shule ilisema watoto wanatoka saa tatu na nusu. Anti akaomba nusu saa kwa madamu wake, wiki mbili kabla, akapewa: saa tatu na nusu mpaka saa nne. Dani akaamka alfajiri kumpasia mtoto gauni ya kukodi. Mimi nikanunua bando ya GB 1 ya saa moja, ile ya bob 19, kwa sababu vidio koli ya nusu saa haimalizi hata nusu yake. Koli tulipiga kwa imo. Wasee walio na watu Gafu wanajua kwa nini: Saudi Arabia walifungua koli za intaneti Septemba 2017, lakini za WhatsApp ziliendelea kukataa kwa miaka, ndiyo maana wamama wa huko walizoea imo, na wa Dubai wakazoea Botim.

Mgeni wa heshima alifika saa tano kasoro.

Ile nusu saa ya Anti iliishia kwa mahema matupu, muziki, na emsii akijaribu maikrofoni. Bando ikaisha na saa yake. Majina ya watoto yalianza kuitwa saa tano na robo, nikanunua ingine, nikapiga, akashika. Alikuwa ameegemeza simu nyuma ya mkebe wa unga, anaosha mchele, anaangalia kwa pembe ya jicho. Spika za shule zilikuwa na kelele hadi simu ikakata sauti, kwa hivyo jina la mtoto wake hakulisikia. Aliona gauni ya bluu kwa umbali wa mita thelathini, kati ya gauni zingine za bluu, akaniuliza, "Ni yupi?" Nikasogea mbele hadi mwalimu akanifukuza. Jumla ya alichoona ni dakika nne hivi. Ile klipu mliyoilia inakata sekunde 19 nzuri kutoka hizo dakika nne.

Baadaye nilimpelekea mtoto simu. Aliangalia skrini, akaniangalia mimi, akauliza, "Huyu ni mama ama ni vidio?"

Hilo swali si la ujinga. Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu anaona mamake kwa simu kila siku: mara nyingine ni vidio aliyotuma jana, mara nyingine ni sauti, mara nyingine ni picha ya steitasi, mara nyingine ndiye mwenyewe. Tofauti pekee anayoweza kuipima ni moja: huyu akiniona nikifanya kitu, anajibu? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2016 kilipowashauri wazazi wasiwape skrini watoto wa chini ya miezi 18, kiliacha kitu kimoja nje ya katazo, yaani vidio koli. Sababu ni hiyohiyo. Kwa koli kuna mtu anacheka ukicheka, anauliza ukinyamaza. Sasa mama anayeosha mchele na jicho moja kwa mlango hawezi kujibu hivyo. Mtoto alipunga mkono, mamake hakuona kwa sababu alikuwa ameinama. Kwa mtoto, hiyo ni vidio. Alirudi kwa keki.

Usiku Anti alimaliza kazi saa tano. Akapiga. Mtoto alikuwa amelala tangu saa mbili. Ndipo akaandika ile kapsheni.

Kwa hivyo mtu akisema teknolojia imewaokoa hawa wazazi, mimi nasema simu haijawahi kuwa shida. Simu iko, bando iko, apu ziko. Kitu ambacho Anti hakuwa nacho ni nusu saa ambayo ni yake, inayoweza kusogea mgeni wa heshima akichelewa. Na hiyo haiuzwi kwa bob 19.

Kuna jambo lingine la hii kapsheni ambalo linanichoma, na sisi watu wa ziwa ndio tunapaswa kulijua zaidi. Reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Tangu hapo hii pwani ya ziwa imekuwa ikitoa wanaume. Kodi ya nyumba ililetwa, ikataka pesa, na pesa ilikuwa mbali: bandarini Mombasa, relini, kwa majani chai Kericho, mashambani kwa wazungu. Babu zetu walikaa huko mwaka, miwili, mitatu. Watoto walizaliwa, wakapewa majina, wakatembea, wakaanza shule, baba akija Krismasi na blanketi. Mama alibaki analima. Nimeuliza wazee wa kwetu kama kuna baba aliyewahi kuandika barua ya "nisamehe mwanangu, nilikosa ulipoanza kutembea." Wananicheka. Barua ilisema pesa iko kwa nani na ng'ombe asiuzwe. Baba aliyekuwa mbali aliitwa mwanaume anayetafuta. Mama akiwa mbali anaitwa nini? Nendeni kwa zile komenti mkasome wenyewe.

Safari ni ileile na sababu ni ileile, ila aliyepanda ndege ni mwanamke na aliyebaki na mtoto ni dani, na magoti yake mabaya. Halafu tunamdai huyu mwanamke pesa ya baba na machozi ya mama kwa wakati mmoja. Na babake mtoto, nisisahau, yuko hapahapa Kondele, bodaboda inatembea, na grajuesheni hakuja. Hakuna aliyemwandikia komenti. Hana kapsheni.

Nirudi kwa wale wa "si ungebaki." Sawa, abaki. Kima cha chini cha mshahara kwa kazi ya nyumbani Kisumu, kwa amri ya Novemba 2024, kiliwekwa kama shilingi 16,000 kwa mwezi. Sasa nionyesheni nyumba hapa mjini inayolipa hizo. Anti alikuwa analipwa 7,000 na alikuwa anaondoka alfajiri mtoto amelala, anarudi usiku mtoto amelala. Riyadh anapata riyali 900, kama shilingi 31,000. Kwa hivyo msimwambie alimwacha mtoto. Hata hapa alikuwa anamwona akiwa amelala.

Lakini hizo riyali 900 pia tusizipigie makofi, maana hapo ndipo deni lenyewe liko. Mfilipino anayefanya kazi hiyohiyo, jikoni ileile, kwa miaka mingi serikali yake ilikataa kupitisha mkataba wa chini ya dola 400, yaani riyali 1,500. Haikuja bure. Mwaka 2011 Saudi Arabia walisimamisha viza za wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino kwa sababu ya masharti hayo. Wafilipino wakavumilia, na 2012 viza zikarudi, dola 400 ikiwa imekubaliwa. Nchi ilikaa mezani ikasema hapana, ikalipa gharama ya kusema hapana, halafu ikapata. Sisi tumekuwa na Kazi Majuu, tumepanga foleni kaunti kwa kaunti, maafisa wamehesabu waliopita usaili. Sijasikia mtu akisimama kwa hizo foleni kusema Kenya inataka likizo kila mwaka badala ya kila miaka miwili. Wala saa maalum ya simu kwa siku iliyoandikwa kwa mkataba. Kanuni za Saudi tayari zinamtaka mwajiri amwezeshe mfanyakazi kuwasiliana na familia yake, lakini "kuwasiliana" bila saa ni kama kuambiwa "tutaonana." Andika: kila siku, kuanzia saa moja jioni, dakika 30, mlango umefungwa. Mtoto wa miaka mitano huwa macho saa moja jioni. Hiyo tu.

Na kuna mahali pa kuanzia, hapa nyumbani, bila kungoja mkutano wa mawaziri. Hiyo sheria ya 2007, kifungu cha 83 na 84, inasema mkataba wa kazi ya nje lazima upitie kwa afisa wa kazi auidhinishe, na kabla ya kuidhinisha, afisa lazima aridhike kwamba mfanyakazi ameyaelewa masharti. Anti ananiambia karatasi yake aliiona mara ya kwanza ikiwa tayari ina alama ya kalamu mahali pa kuweka sahihi. Ajenti alikuwa anaangalia saa. Neno "likizo" hakuna aliyelisoma kwa sauti. Kama una dadako au mamako anaenda mwezi ujao, nenda naye. Soma kipengele cha likizo, soma cha siku ya kupumzika, soma cha simu, kisha hesabu kwa vidole: mtoto atakuwa darasa gani tarehe ya kurudi? Hautaibadilisha hiyo fomu peke yako, sikudanganyi. Lakini mtu akijua mapema kwamba PP2 imeenda, anamwambia mtoto mapema. Mtoto wa Anti aliambiwa mama anakuja "hivi karibuni" kwa miaka miwili.

Kwa nyinyi mnaoshika simu huku: sherehe irekodi, usiipige laivu. Simama karibu, mtoto ajaze skrini, tuma. Halafu koli ipigwe mama akiwa amemaliza kazi, hata kama ni kesho yake, mtoto amevaa gauni tena, simu iwekwe urefu wa macho yake, nyinyi wengine mtoke nje. Mwache amweleze mamake mwenyewe nani alilia na nani alikula keki mbili. Tulifanya hivyo Jumapili, saa nane, madamu akiwa ametoka. Waliongea dakika 40. Hakuna aliyeirekodi, kwa hivyo haiko TikTok.

Na kwa wenzangu wa kontenti: ile klipu ina uso wa mtoto, jina la shule kwa bango, na nyumba ya mwajiri nyuma ya mama. Madamu akiiona, simu ya Anti inaingia droo, na hapo hata hizo dakika nne zimeisha. Nimemwandikia aliyeipakia mara tatu aiondoe. Amejibu mara moja, ameuliza kama Anti anaweza kutuma ingine akiwa analia zaidi, ya kuendeleza stori.

Mkataba unaisha Januari. Anti amesema akija atakaa ule mwezi wake, halafu ataamua kama atasaini tena. Mtoto atakuwa Gredi ya 1. Sitawapa tarehe ya ndege, na msitafute vidio ya kukumbatiana pale eapoti ya Kisumu. Hakutakuwa na kamera.